Vikao Arusha, makao Nairobi

Wiki ya pili ya mafunzo kwa vitendo, wakili aliyekuwa akinisimamia aliniletea mkataba wa kurasa 18 na kuniambia, "Soma kifungu cha usuluhishi, niandikie mistari mitano. Mteja anakuja saa nane." Mistari mitano! Nikaona kazi ndogo.

Mkataba ulikuwa wa kuuziana mchele, muuzaji wa Mbeya na mnunuzi wa Nairobi. Kifungu, nikikiweka kwa Kiswahili na kubadili kidogo ili wahusika wasijulikane, kilisema hivi: "Mgogoro wowote utokanao na mkataba huu utaamuliwa kwa usuluhishi chini ya Kanuni za Usuluhishi za UNCITRAL. Makao ya usuluhishi ni Nairobi. Vikao vitafanyika Arusha. Lugha ni Kiingereza. Mkataba huu unatawaliwa na sheria za Tanzania."

(Usuluhishi hapa si ule wa kukaa chini na kupatanishwa. Ni ule ambao msuluhishi anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo inayozifunga pande zote.)

Niliandika: makao Arusha, kanuni UNCITRAL, msuluhishi mmoja, lugha Kiingereza, sheria ya Tanzania. Wakili akasoma, akachora mistari miwili ya kalamu nyekundu, akanirudishia bila neno.

Kosa la kwanza lilikuwa makao. Nilidhani ni pale watu wanapokutana, na sheria ya Tanzania ikanishawishi zaidi. Kumbe makao ni suala la kisheria: yanaonyesha ni sheria ya usuluhishi ya nchi gani inasimamia mwenendo wa shauri, na ni mahakama ya nani inayoweza kutengua tuzo. Kanuni za UNCITRAL zenyewe, kanuni ya 18, zinaruhusu vikao vifanyike kwingine, na bado tuzo inahesabika imetolewa kwenye makao. Kwa hiyo hata wakikaa Arusha mwezi mzima, wakanywa chai ya Arusha na kutia saini hapo hapo, tuzo ni ya Nairobi.

Sasa fikiria mteja wetu ameshindwa na anataka tuzo itenguliwe. Akiufuata muhtasari wangu, anakwenda Mahakama Kuu ya Tanzania. Lakini anayotakiwa kwenda ni Mahakama Kuu ya Kenya, chini ya kifungu cha 35 cha Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995, ambacho kinampa miezi mitatu tangu apokee tuzo. Akija kuambiwa kwamba amegonga mlango usio wake, huenda miezi hiyo imeshakwisha. Sheria ya Tanzania kwenye mstari wa mwisho haimsaidii hapo. Yenyewe inajibu maswali ya mkataba: mchele ulikuwa na ubora uliokubaliwa? Kuchelewa kuleta mzigo ni uvunjaji? Fidia ni kiasi gani?

Kosa la pili lilikuwa idadi. Kifungu hakikutaja, nami nikajaza "mmoja" kwa sababu niliona ndiyo kawaida. Kifungu kikinyamaza, unarudi kwenye kanuni zilizochaguliwa. Kanuni ya 7 ya UNCITRAL inasema wasuluhishi ni watatu, isipokuwa pande zikikubaliana kuwa na mmoja tu ndani ya siku 30 tangu mdaiwa apokee notisi ya usuluhishi. Kanuni nyingine zinaweza kujibu tofauti, ndiyo maana huwezi kuandika mstari wa idadi kabla hujafungua kanuni zenyewe. Na kulipa wasuluhishi watatu kwa mgogoro wa malori mawili ya mchele si mchezo. Hizo si hela za bumu.

Lugha haikuwa na utata, ila nilipofungua faili nikakuta hati za kupokea mzigo na ujumbe wa madereva vyote ni vya Kiswahili. Hilo nikaliongeza, maana tafsiri ina gharama na inachukua siku.

Muhtasari uliokwenda kwa mteja ulikuwa huu:

Makao: Nairobi. Vikao Arusha, havibadili makao. Tuzo hutenguliwa Kenya.
Kanuni: UNCITRAL. Hakuna taasisi iliyotajwa kusimamia.
Wasuluhishi: kifungu kimenyamaza. Kwa kanuni ya 7 ni watatu, tusipokubaliana mmoja ndani ya siku 30.
Lugha: Kiingereza. Ushahidi mwingi ni wa Kiswahili, utahitaji tafsiri.
Sheria ya mkataba: Tanzania.

Mteja alisoma mstari wa tatu mara mbili, akauliza kama mnunuzi atakubali msuluhishi mmoja. Wakili akamjibu, "Notisi haijatoka bado. Tumwandikie leo."