Usikivu Unaopotea Baada ya Kipimo cha Kuzaliwa: Kirusi cha Saitomegalo kwa Mtoto Aliyeambukizwa Tumboni

Mtoto akipimwa masikio siku ya pili ya maisha yake na matokeo yakawa mazuri, wazazi hurudi nyumbani wakiamini kwamba suala la kusikia limekwisha. Kwa watoto wengi ni kweli. Hata hivyo, lipo kundi la watoto ambao siku hiyo husikia vizuri, hujifunza maneno yao ya kwanza kama wenzao, kisha usikivu wao huanza kufifia wakiwa na mwaka mmoja, miwili, mitatu au hata baada ya kuanza shule. Miongoni mwa sababu za hali hiyo, iliyo kubwa na inayotajwa kwa nadra katika vyumba vya kliniki ni maambukizi ya kirusi cha saitomegalo yaliyompata mtoto akiwa bado tumboni.

Kirusi hiki ni cha jamii moja na virusi vya tetekuwanga na vya malengelenge ya mdomo, na kama hivyo, kikishaingia mwilini hakitoki tena. Hulala, na mara kwa mara huamka. Huenea kwa mate, mkojo, maziwa ya mama, majimaji ya ukeni, shahawa na damu. Watoto wadogo ndio wanaokitoa kwa wingi zaidi katika mate na mkojo wao, tena kwa miezi mingi, bila wao kuumwa. Katika nchi nyingi za Afrika karibu kila mwanamke huwa ameshakipata kabla hajafikia umri wa kuzaa, mara nyingi bila kujua, kwa kuwa mtu mwenye afya huenda asihisi chochote zaidi ya homa na uchovu wa siku chache.

Hapa ndipo kosa moja la kifikra hujitokeza, nasi watoa huduma tumelirudia mno: kwamba mama aliyeambukizwa zamani hawezi kumpa mtoto aliye tumboni. Ni kweli kwamba hatari ya kirusi kuvuka kondo la nyuma ni kubwa zaidi mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito. Lakini kirusi kilicholala kinaweza kuamka, au mama akapata aina nyingine ya kirusi hicho hicho, na mtoto akaambukizwa. Katika nchi tajiri huzaliwa na maambukizi haya takribani mtoto 1 kati ya 200. Katika nchi ambako karibu kila mama ameshawahi kuambukizwa, idadi haipungui kama mtu angetarajia, huzidi.

Kati ya watoto 100 waliozaliwa na kirusi hiki, kiasi cha 85 hadi 90 hawana dalili yoyote inayoonekana. Hawana manjano, vipele vya damu chini ya ngozi, kichwa kidogo wala ini lililovimba. Ni watoto wazuri, wananyonya, wanaruhusiwa kesho yake. Kati ya hao wasio na dalili, mtoto 1 hivi katika kila 10 atapoteza usikivu kwa kiwango fulani, na kwa sehemu kubwa yao upotevu huo haukuwapo siku ya kuzaliwa. Kirusi huingia katika sikio la ndani, ndani ya koklea, na kudhuru tishu zinazodumisha uwiano wa chumvi katika majimaji ambamo chembe za kusikia hufanyia kazi. Uharibifu huo unaweza kwenda polepole. Ndiyo maana kipimo cha mwangwi wa sikio kinachofanywa siku ya pili hueleza hali ya koklea siku hiyo tu.

Tuuangalie mfano ulioundwa kwa ajili ya kufundishia. Mtoto wa kike alizaliwa kwa wakati, kilo 2.9, na akapita kipimo cha mwangwi katika masikio yote mawili. Akiwa na mwaka mmoja aliita «mama» na «baba». Akiwa na miaka miwili aliunganisha maneno mawili. Alipofika miaka miwili na nusu, dada yake aligundua kwamba simu ikipigwa na baba yao aliye safarini, mtoto huihamisha kila mara kwenye sikio la kushoto. Bibi alisema ni mkaidi: akiitwa akiwa ameangalia pembeni haitiki, lakini akiona uso wa mtu hujibu vizuri. Maneno yake mapya yalikuwa yamepungua, na herufi kama «s» na «f» zilianza kumpotea katika matamshi.

Katika kituo cha afya alipewa dawa ya antibayotiki mara tatu kwa dhana ya maambukizi ya sikio la kati. Dhana hiyo si ya ajabu, kwani usaha na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio ndivyo tunavyoviona kila siku. Lakini mtoto huyu hakuwa na maumivu, homa wala usaha, na ngoma za masikio yake zilipochunguzwa zilikuwa safi. Kipimo cha mgandamizo wa sikio la kati kilikuwa cha kawaida pande zote mbili. Hilo pekee lilitosha kusimamisha antibayotiki ya nne na kuelekeza macho kwenye sikio la ndani. Kipimo cha usikivu kwa njia ya mchezo, ambapo mtoto huweka kijiti kwenye kikombe kila asikiapo mlio, kilionyesha kwamba sikio la kulia husikia kuanzia desibeli 80, na la kushoto kuanzia desibeli 35. Miezi minane baadaye la kushoto lilikuwa limefika desibeli 55.

Tofauti kubwa kati ya sikio na sikio, pamoja na kuendelea kushuka, ni picha inayoendana na saitomegalo, ingawa haithibitishi. Mtoto hakuwahi kuugua homa ya uti wa mgongo, hakulazwa na kudungwa jentamisini, hakuwa na manjano makali, na katika ukoo hakuna aliyepoteza usikivu utotoni. Wakati wa ujauzito mama alikuwa akimlea mtoto mwingine wa mwaka mmoja na nusu, akila mabaki ya uji wake kwa kijiko kile kile.

Wazazi walilipia kipimo cha damu, na jibu likaja kwamba mtoto ana kingamwili za kirusi cha saitomegalo. Walidhani wamepata sababu. Kwa bahati mbaya jibu hilo halisemi lolote, kwa maana watoto wengi wa umri wa miaka mitatu katika mazingira yetu wana kingamwili hizo, wakiwa wameambukizwa baada ya kuzaliwa kwa maziwa ya mama au mate ya wenzao, na maambukizi ya namna hiyo kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati hayaharibu masikio. Kipimo hicho kingekuwa na maana kama kingerudi bila kingamwili: hapo tungeweza karibu kuiondoa saitomegalo katika orodha.

Ushahidi wa maambukizi ya tumboni hupatikana katika dirisha moja tu, siku 21 za kwanza. Katika siku hizo mkojo au mate ya mtoto hupimwa kwa kutafuta vinasaba vya kirusi. Kikionekana ndani ya muda huo, mtoto alizaliwa nacho. Kikionekana siku ya 40, hatuwezi tena kutofautisha kilichotoka tumboni na kilichotoka kwenye ziwa. Mate huchukuliwa kwa pamba shavuni, angalau saa moja baada ya kunyonya, maana masalia ya maziwa yanaweza kuleta jibu la uongo. Kwa hiyo jibu la mate likiwa chanya huthibitishwa kwa mkojo. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linaweza pia kutumika, ila hukosa baadhi ya watoto, hivyo jibu hasi la karatasi si hakikisho. Ile karatasi ya damu inayochukuliwa wiki ya 4 hadi ya 6 kwa watoto wa akina mama wenye virusi vya ukimwi imekwisha kupita dirisha hili, ingawa watoto hao wako katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na saitomegalo.

Mkakati unaotumiwa mahali pengi ni kumpima mtoto aliyeshindwa kipimo cha kusikia au mwenye dalili. Ni mkakati wa busara pale fedha zilipo chache, lakini tuseme wazi kwamba mtoto wa mfano wetu asingepatikana kwa njia hiyo, kwa sababu alifaulu. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilianza kupima watoto wachanga wote mwaka 2019, na Minnesota nchini Marekani ikafuata mwaka 2023.

Mtoto anapothibitishwa ndani ya dirisha na ana dalili za wazi, anaweza kupewa valgansiklovia kwa mdomo, miligramu 16 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku kwa miezi sita, ikianzwa katika mwezi wa kwanza. Dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara katika muda wote wa matibabu. Faida yake kwa usikivu ipo, ila ni ya wastani. Kwa mtoto wa miaka mitatu haina nafasi. Mzazi asiuziwe matumaini hayo.

Mtoto yule alifungiwa shimesikio kwenye masikio yote mawili, hata la kulia lililo dhaifu, na akapangiwa kupimwa kila baada ya miezi mitatu kwa kuwa usikivu ulikuwa bado unashuka. Wazazi walifundishwa kumsemesha uso kwa uso na wakaanza Lugha ya Alama pamoja naye bila kusubiri sikio la kushoto lifike mwisho. Iwapo litafika, atapelekwa kutathminiwa kwa upandikizaji wa kifaa cha usikivu, huduma iliyoanza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017. Mishipa na ubongo wake vilishazoea sauti na maneno kwa zaidi ya miaka miwili, jambo linalompa nafasi nzuri. Chanzo cha upotevu wake kitaandikwa kwenye faili kuwa «huenda ni saitomegalo», na matunzo yake hayapungui kwa sababu ya neno «huenda».

Mtoto aliyethibitishwa kuwa na kirusi, hata akiwa anasikia vizuri kabisa, hupimwa usikivu kila baada ya miezi mitatu hadi sita katika mwaka wa kwanza, kila miezi sita hadi atimize miaka mitatu, kisha kila mwaka walau hadi aanze shule. Pale kipimo cha kirusi kisipopatikana, swali moja huweza kuongezwa siku ya chanjo ya surua na siku za kupima uzito: je, kuna neno alilokuwa akilisema ambalo siku hizi halisemi? Jibu la «ndiyo» ni sababu ya rufaa, hata kadi ikionyesha kwamba alifaulu kipimo cha kuzaliwa.

Mama mjamzito anayelea mtoto mdogo hahitaji kumkimbia mwanawe. Anawe mikono kwa sabuni baada ya kumbadilisha nepi na kumfuta kamasi, asimalizie chakula chake kwa kijiko kile kile, na ambusu kwenye paji la uso badala ya midomo. Chanjo haijapatikana. Kunyonyesha mtoto aliyezaliwa kwa wakati kuendelee kama kawaida.