Dondoo muhimu: Igizo la soko katika somo la Kiswahili

Ukifundisha Kiswahili Kampala, usiwape wanafunzi mazungumzo ya kukariri. Wape kadi mbili zinazofichana siri. Ya muuzaji: fungu la nyanya au vitunguu ni shilingi 2,000, usishuke chini ya 1,500. Ya mnunuzi: una 5,000 tu, unataka mafungu mawili ya nyanya na moja la vitunguu. Kwa bei ya kwanza jumla ni 6,000, kwa hiyo hawana budi kubishana. Ikishuka hadi 4,500, biashara inawezekana. Asiyeona kadi ya mwenzake hulazimika kuuliza na kusikiliza.

Kabla ya igizo, tumia dakika kumi kuzoeza maneno machache tu: "Hili fungu bei gani?", "Punguza kidogo", "Bei ya mwisho ni ngapi?" Tarajia kosa la "hii fungu", liandike pembeni, usikatishe mazungumzo. Masahihisho yaje baadaye, ubaoni, bila kutaja aliyekosea.

Waigize wawili wawili kwa wakati mmoja. Jozi moja ikisimama mbele ya darasa la sitini, waliobaki wanakuwa watazamaji tu. Kelele zitakuwepo, ni soko.

Wakimaliza haraka mno, sikiliza: huenda wameonyeshana kadi, au wamerudi kwenye Kiganda. Badilisha wauzaji, kisha ongeza tatizo: nyanya mbili zimeoza. Hapo mnunuzi atalazimika kulalamika kwa maneno yake mwenyewe.