Freni ya mkono ikipanda sana

Ndugu mtumishi, umesimamisha motokari kwenye mtelemko hapa Kambove, umevuta freni ya mkono mpaka juu, na bado motokari inateremka. Usikimbilie kukaza kamba ya chuma. Kamba hurefuka, ni kweli, lakini mara nyingi ni viatu vya freni na ngoma za magurudumu ya nyuma vilivyolika. Ukikaza kamba tu, viatu vinaweza kusugua ngoma njiani na kuiunguza.

Anza magurudumuni. Mahali pa sawa, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa, shusha freni ya mkono, inua nyuma kwa kriki na kuweka vigingi imara. Zungusha skurubu ya kurekebisha viatu mpaka gurudumu liwe zito, kisha irudishe kidogo mpaka lizunguke huru. Fanya vile vile upande wa pili.

Sasa vuta freni ukihesabu milio yake. Tuseme ilikuwa 11, na kitabu cha motokari kinataka 6. Ikirudi 6, kamba haina kosa. Ikibaki 9, kamba imerefuka: kaza nati yake mpaka 6, kisha shusha freni uone kama magurudumu yanazunguka huru.

Skurubu ikifika mwisho, fungua ngoma: viatu vimekwisha, au ngoma imelika mpaka kuacha ukingo. Vumbi lake usilipulize, kwani viatu vya zamani vina amianti. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji.

Kabla ya matengenezo hayo, usiwaache watoto ndani ya motokari mtelemkoni.