Baba, Papa au Pamba? Kusoma Kiswahili cha Herufi za Kiarabu Kutoka Kwenye Picha

Wenzangu wengi waliopita chuoni utotoni hudhani kwamba mtu akishajua kusoma msahafu, basi barua ya zamani ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi zizo hizo ataisoma bila shida. Herufi kweli ataitambua moja moja. Neno ndilo litakalomshinda. Sababu ni kwamba mwandiko ule unatoa kidogo kuliko sauti za lugha yetu, na kile kinachobaki mwandishi alimwachia msomaji ajaze mwenyewe. Makala haya ni juu ya huko kujaza: unajazaje, na unajuaje kwamba hukujaza uongo.

Nitatumia ukurasa mmoja tu. Ni barua ya mistari tisa, ya mwezi wa Rajabu mwaka 1309 wa Hijria, yaani Februari 1892. Ilitoka pwani ya kaskazini, upande wa Lamu, na sasa iko kwa nyanya ya mwanafunzi mwenzangu. Nililetewa picha yake kwa simu. Katika familia ile kuna hadithi kwamba babu mkuu aliandika barua hii kueleza kuwa amempeleka baba yake mjini, na watoto wameambiwa kwamba mzee yule alikuwa mgonjwa. Aliyewasomea zamani alisoma “nimepeleka baba”, kisha mkunjo wa karatasi ukamzuia kuendelea.

Tuanze na upungufu wa mwandiko wenyewe. Kiarabu kina alama tatu za irabu: fataha, kasra na dhuma. Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo fataha ni “a”, lakini kasra ni “i” au “e”, na dhuma ni “u” au “o”. Kwenye konsonanti mambo ni magumu zaidi. Kiarabu hakina “p”, basi waandishi wengi wa zamani waliiandika kwa herufi be. Sauti ya “v” waliiandika kwa fe. Halafu kuna jambo linalowatatiza wengi zaidi: ile “m” au “n” inayotangulia konsonanti nyingine, kama katika mbuzi, ndizi au ngoma, mara nyingi haikuandikwa kabisa. Mbuzi huonekana “buzi”.

Sasa weka be, alifu, be nyingine na fataha juu yake. Umeandika nini? Umeandika baba. Umeandika pia papa, yule samaki. Na umeandika pamba. Maneno matatu, umbo moja. Mwandishi hakukosea, na aliyeandikiwa hakupata taabu, kwa sababu yeye alijua tayari mzigo uliomo chomboni. Sisi ndio hatujui.

Wako waliojaribu kuziba mapengo haya. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, aliongeza alama kwenye herufi ili kutofautisha sauti za Kimvita. Wengine walitia be nukta tatu kuonyesha “p”. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, tazama kwanza kama mwandishi wako anatumia nukta hizo. Wangu hatumii.

Hatua ya kwanza ni picha, na picha si jambo dogo. Katikati ya neno, be, te, nuni na ye huwa na umbo moja. Tofauti ni nukta tu, ngapi na ziko juu au chini. Kitobo cha mdudu, doa la kutu au wino uliopenya kutoka upande wa pili vyote vinafanana na nukta. Ndiyo maana niliomba picha tatu zaidi: moja ya upande wa nyuma, moja iliyopigwa karatasi ikiwa imeelekezwa dirishani ili mwanga upite ndani yake, na moja yenye mwanga wa tochi unaotoka ubavuni. Ile ya nyuma huonyesha wino uliopenya. Ile ya dirishani huonyesha vitobo, kwa kuwa kitobo hupitisha mwanga na wino haupitishi. Ile ya tochi huonyesha mikunjo. Kwa picha hii ya mwisho mkunjo ulifunguka kidogo, na baada ya neno letu nikaona fe, re, alifu, sini, lamu: frasila.

Hatua ya pili ni kuujua mkono wa mwandishi. Barua za zama zile hufunguliwa kwa maneno ya Kiarabu ya heshima na dua, na maneno hayo yanajulikana. Hapo ndipo pa kujifunzia. Nilichukua daftari nikanakili umbo la kila herufi kutoka kwenye maneno niliyokuwa na hakika nayo. Nikagundua kwamba nukta mbili za te yeye huzivuta zikawa kistari kimoja, na kwamba mkia wa re yake hufanana na wau iliyofumba. Bila daftari hili ningekuwa nabahatisha hadi mwisho.

Hatua ya tatu wengi huiruka, nayo ndiyo inayookoa. Usikimbilie Kiswahili cha leo. Andika kwanza kilichopo, herufi kwa herufi, bila kufasiri: be iwe “b” daima, kasra iwe “i” daima, dhuma iwe “u” daima, na palipo na alifu, wau au ye ya kuvuta, rudia irabu. Mstari wangu ulitoka hivi:

nimibiliika baaba faraasila taanu yakusukuutauuzi

Unachekesha, lakini ni wa kweli. Mtu yeyote akiuweka kando ya picha anaweza kunihakiki.

Tazama zile irabu zilizorudiwa. Kiswahili hakina haja ya kuvuta sauti pale, basi kwa nini mwandishi aliziweka? Waandishi wengi wa pwani walitumia herufi ya kuvuta kuonyesha mkazo, na mkazo wetu huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Maana yake ni kwamba ukikuta herufi ya kuvuta, silabi moja mbele neno linaisha. Kanuni hii ina thamani kubwa, kwa sababu waandishi hawa hawakuacha nafasi kati ya maneno kama tunavyofanya leo. Ile “yakusukuutauuzi” ina mikazo miwili, “kuu” na “uu”, basi hayawezi kuwa neno moja. Hesabu silabi moja baada ya kila mkazo, utapata “yakusukuuta” na “uuzi”. “Ya” ni kiunganishi kilichogandishwa mbele. Badilisha dhuma mbili kuwa “o”, na linabaki jambo moja lenye maana: ya kusokota uzi.

Kanuni ina mpaka wake. Neno lililotoka Kiarabuni mara nyingi huandikwa kama lilivyoandikwa kwao. Frasila ina alifu baada ya re, lakini sisi tunakaza “si”. Ukiifuata alifu kijinga utalikata neno katikati.

Sasa turudi kwa baba. Frasila ni kipimo cha uzito, karibu kilo 16, na baba wa mtu hapimwi kwa frasila tano. Basi baba ameondoka. Wamebaki papa na pamba, na wote wawili ni bidhaa: papa mkavu aliuzwa sana pwani. Upatanisho wa kisarufi hausaidii hapa, maana “ya” inaelekea pamba lakini si hoja ya kumtoa papa. Kiswahili cha zamani hakikuwafunga wanyama wote kwenye “wa” kama cha shuleni. Kinachoamua ni kitendo. Papa hasokotwi uzi.

Nimepeleka pamba frasila tano ya kusokota uzi.

Angalia kwamba hakuna neno lililojithibitisha peke yake. Pamba imethibitishwa na frasila pamoja na kusokota. Hii ndiyo kawaida: neno lenye shaka linasimamishwa na majirani wawili, na jirani mmoja hatoshi. Ukisoma utenzi unapata shahidi wa ziada, yaani mizani nane katika kila kipande. Usomaji unaokupa mizani tisa una kasoro mahali. Barua haina mizani, kwa hiyo tahadhari iwe kubwa zaidi.

Mstari unaofuata una mtego wa namna nyingine. Andiko la kwanza linasema “naawi utulitii mtiili”. Nawe utuletee, halafu nini? Aliyelelewa kwa Kiswahili sanifu atasema ni mchele na kwamba mwandishi amekosea kuweka te. Hakukosea. Huko kaskazini, Lamu na hata Mombasa, mchele ni mtele, macho ni mato, nchi ni nti. Mwandishi ameandika alivyosema. Kuandika kwa tahajia ya leo ni kubadilisha herufi, si kubadilisha lahaja ya mtu. Kwa hiyo katika andiko la pili nimeacha “nawe utuletee mtele”, na chini nimeeleza kwamba ni mchele. Ukiandika mchele ndani ya maandishi umefuta ushahidi wa mahali barua ilipotoka. Katika shairi utavunja na vina pia.

Nilipompelekea nyanya yule usomaji huu, nilimwonyesha andiko la kwanza pamoja na la pili, na picha ya tochi kando yake. Akanyamaza, kisha akauliza, “Kwa hivyo mzee hakuwa mgonjwa?” Nikamjibu, “Barua haisemi, nyanya. Inasema pamba.” Akasema basi hadithi ya ugonjwa itafutiwa mlango mwingine, na hii ya pamba waambiwe watoto.

Hapo ndipo uzito wa kazi hii ulipo. Ukurasa ukishachapwa kwa herufi za leo, ni wachache wanaorudi kwenye picha. Mtu ataandika tasnifu juu ya chapa yako, na familia itasimulia kwa miaka sitini. Basi unapokabidhi kazi, kabidhi vitu vitatu pamoja: picha, andiko la herufi kwa herufi, na andiko la tahajia ya leo. Ulichokijaza mwenyewe kitie kwenye mabano ya mraba, na panapobaki shaka weka alama ya kuuliza. Kwenye mstari wa saba wa barua hii kuna neno moja ambalo lina jirani mmoja tu. Linaweza kuwa banda na linaweza kuwa punda aliyepotewa na dhuma yake chini ya doa. Nimeliandika hivi: b[.]da (?), na hivyo ndivyo litakavyokaa hadi ipatikane picha bora zaidi.