Bei ya pawatila: ihesabu kwa saa, iuze kwa ekari

Maji yakianza kufunguliwa kwenye mifereji ya Mbarali, mwenye pawatila huulizwa swali moja tu: ekari shilingi ngapi? Wengi hujibu kwa kutaja bei ya jirani, au hupunguza elfu tano ili wasimkose mteja. Msimu ukiisha fedha imepita mikononi, mashine imechoka, na ya kununulia mkanda mpya haipo. Tatizo ni kwamba mteja ananunua ekari, lakini mashine inatumika kwa saa. Dizeli, dereva, visu na uchakavu wa injini havijui ekari. Vinahesabu muda.

Kwa hiyo, kabla mbegu haijaingia kitaluni, jua kwanza saa moja ya mashine yako inakugharimu kiasi gani. Nitatumia mfano wa pawatila ya nguvu ya farasi 12 inayolima majaruba ya mpunga katika bonde la Usangu. Bei nitakazotaja ni za mfano, nawe utaweka zako. Njia ya kuhesabu ni ileile hata kwa trekta kubwa.

Tuseme mashine pamoja na jembe lake la visu na magurudumu ya chuma ilinunuliwa kwa shilingi 9,000,000. Baada ya misimu sita utaiuza kwa 1,500,000. Maana yake kila msimu unakula 1,250,000 ya thamani yake, uwe umelima au hukulima. Fedha hii haionekani mfukoni inapotoka, ndiyo sababu wengi huisahau, na ndiyo sababu wengi hushindwa kununua mashine ya pili.

Sasa hesabu saa za msimu. Hapa ndipo uharibifu unapoingia kwenye bei, na naomba tukae hapa kidogo. Mwenye mashine husema: maji nitakuwa nayo siku 50, kila siku nalima saa sita kamili za kazi ukiondoa kutembea, kula na kujaza mafuta, basi nina saa 300. Lakini pawatila inayolima tope haifanyi kazi siku 50 mfululizo. Sili za ekseli huvuja na tope likaingia kwenye giaboksi, mkanda hukatika, kisu hugonga kisiki na bolti zake zikakatika, spea inafuatwa Mbeya na fundi yuko kwa mtu mwingine. Ondoa siku nane. Zimebaki siku 42, yaani takribani saa 250.

Ukigawa ile 1,250,000 kwa saa 250 unapata shilingi 5,000 kwa saa. Matengenezo ya msimu mzima, yaani visu, mikanda, sili, beringi na mkono wa fundi, tuyaweke 900,000, ambayo ni 3,600 kwa saa. Dizeli: injini ya ukubwa huu ikivuta kazi ya kawaida hunywa karibu lita moja na nusu kwa saa, na tukiweka lita kwa 3,000 ni 4,500. Oili ya injini, oili ya gia na grisi, 500. Kazi ya kutembea nyuma ya pawatila ndani ya tope ni nzito mno kwa mtu mmoja kutwa nzima, hivyo weka madereva wawili wanaopokezana: ujira na chakula chao 30,000 kwa siku, gawa kwa saa sita, ni 5,000. Na zile siku nane za mashine kulala usiwaache madereva wako mikono mitupu, maana dereva mzuri atahamia kwa mwingine na hutampata tena msimu ule. Posho ya 15,000 kwa siku hizo ni 120,000, karibu 500 kwa kila saa iliyofanya kazi.

Jumla ni shilingi 19,100 kwa saa, kabla ya faida. Yule aliyejihesabia saa 300 bila kuharibikiwa, tena akaisahau posho, angepata karibu 17,200. Tofauti ya 1,900 kwa saa ndiyo bei ya hatari ya kuharibikiwa. Usipoiweka kwenye bei utailipa mwenyewe, na mara nyingi utailipa katikati ya msimu wakati huna fedha.

Sasa tuigeuze saa iwe ekari. Jembe la pawatila hukata upana wa karibu sentimita 60. Ikitembea kilomita mbili kwa saa, kwa hesabu ya karatasi inalima mita za mraba 1,200. Ukiondoa kugeuza, kurudia mstari na kuvuka kingo, inabaki kama 900. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo mkupuo mmoja kwenye shamba zuri unachukua saa nne na nusu. Zidisha kwa 19,100: unapata karibu 86,000. Ukitoza 100,000 unabaki na faida ya 14,000 hivi. Kukatua ni mkupuo mmoja na kuvuruga tope ni mwingine, kila mmoja una muda wake, basi upime na uutoze peke yake. Ugomvi mwingi shambani huanzia hapo, mteja akidhani bei moja inafunika yote.

Shamba lisilo zuri ndilo linalokula faida. Majaruba madogo madogo, udongo mgumu ambao maji hayakulowesha vizuri, magugu marefu yanayojisokota kwenye visu. Kwa jicho huwezi kujua litachukua saa ngapi. Fanya hivi: lima jaruba la kwanza ukiangalia saa, kisha lipime kwa futi ya kamba. Likiwa na mita 25 kwa 27 na limechukua saa moja, ekari yake itachukua saa sita, na gharama yako ni 114,600. Ukiwa umeshakubali 100,000, unamlipa mteja akuruhusu ulime. Kwa hiyo patana mapema kwamba bei kamili itatajwa baada ya jaruba la kwanza, na asiporidhika atalipia hilo moja tu na mtaachana kwa amani.

Wengi wanalalamikia bei ya dizeli, na ni kweli inafaa kufuatilia bei kikomo ambazo EWURA hutangaza kila mwezi. Lakini angalia ukubwa wa mambo. Dizeli ikipanda shilingi 300 kwa lita, ekari ya saa nne na nusu inaongezeka gharama kwa kama 2,000. Shamba likichukua saa sita badala ya nne na nusu, gharama inaongezeka kwa zaidi ya 28,000. Wanaopandisha bei kwa sababu ya kituo cha mafuta wakaacha kupima muda wanashughulika na kidogo.

Halafu kuna hatua. Watu wetu hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70, na hatua ya mtu wa kawaida haifiki mita. Ekari iliyo mraba ina upande wa mita 63 na kitu. Mtu mrefu akipiga hatua za mita kamili, zile 70 kwa 70 zinakuwa mita za mraba 4,900. Hizo 850 za ziada ni karibu saa nzima ya mashine, shilingi 18,000 zilizopotea bila mtu yeyote kuiba. Mteja naye anaweza kuumia upande wa pili, mpimaji akiwa na hatua fupi. Kamba ya kupimia ya mita 50 inawalinda wote wawili, na ipimwe mbele ya mwenye shamba.

Kuhusu malipo ya dereva, namna unavyomlipa itaonekana ardhini. Anayelipwa kwa ekari pekee atakimbia: ataachia mistari isiyolimwa katikati, ataacha pembe, atainua jembe ili injini isilemewe. Chomeka kijiti chenye alama. Kama ulipatana kina cha sentimita 12 na kijiti kinagota kwenye saba, mteja hatarudi mwakani. Anayelipwa kwa siku tu hana sababu ya kuharakisha. Ninachopendelea ni ujira wa siku pamoja na nyongeza ndogo kwa kila ekari iliyokaguliwa na mteja akaikubali.

Jaza tangi hadi juu asubuhi, jaza tena jioni, andika lita zilizoingia na saa zilizolimwa. Pawatila nyingi hazina kipima saa, hivyo dereva aandike kwenye daftari muda wa kuanza na kumaliza kila jaruba. Lita moja na nusu ikipanda kuwa mbili, usianze kwa kumshuku mtu. Tazama moshi kwanza. Ukiwa mweusi, kichujio cha hewa kimejaa vumbi au injini imelemewa. Gusa mkanda kama unateleza na kunuka kuungua, kagua visu kama vimekuwa butu. Vyote vikiwa sawa na lita bado zinazidi, hapo ndipo uulize mafuta yanakwenda wapi.

Zile 3,600 za matengenezo zitenge kila jioni, kwenye laini ya simu isiyoguswa kwa jambo jingine. Siku ya saa sita ni 21,600. Kwa fedha hiyo nunua mapema vitu vinavyolaza mashine: mkanda wa akiba, seti ya visu na bolti zake, sili za ekseli, kichujio cha dizeli. Mkanda uliopo nyumbani unapoteza saa moja, mkanda unaofuatwa mjini unapoteza siku mbili.

Kwa mkulima wa skimu, kuharibika kwa mashine si hasara ya mwenye mashine peke yake. Zamu yake ya maji inapita, miche inazeeka kitaluni. Kwa hiyo mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: nusu ya malipo kabla ya kuanza, mashine ikiharibika mteja alipie eneo lililolimwa kwa kipimo cha kamba, na isipopona ndani ya siku moja mwenye pawatila alete nyingine au arudishe fedha iliyobaki. Tafuta mwenzako wa kijiji cha jirani mpatane kusaidiana kwa bei ya jumla kabla msimu haujaanza. Mteja naye aonyeshe visiki na mawe na kuviwekea vijiti. Kisu kilichovunjwa na kisiki ambacho hakikuonyeshwa ni juu yake, na hilo liandikwe pia.

Mteja akiomba kulipa kwa mpunga wakati wa mavuno, weka idadi ya magunia, ujazo wa gunia na tarehe. Ukumbuke dizeli na madereva utawalipa leo, na wakati wa mavuno bei ya mpunga huwa chini. Mimi nisingekubali chini ya nusu taslimu, na katika mfano wetu hata nusu hiyo ya 100,000 inafunika mafuta, oili na ujira wa madereva tu, ambavyo kwa saa nne na nusu ni 45,000. Matengenezo na uchakavu vyote vinabaki vikisubiri gunia.