Haya au Hayo? Kutambua Nakala Haramu ya Kitabu kwa Picha

Anayehitaji riwaya au kitabu cha kiada akiwa Masisi au Walikale mara nyingi hakishiki mkononi kabla ya kukilipia. Kitabu huwa Goma au mbali zaidi, barabara ni mbovu na usalama haueleweki, kwa hiyo muuzaji hutuma picha kwa simu, mnunuzi hutuma fedha kwa simu, na kitabu hufuata kwa pikipiki. Uamuzi wote hufanywa juu ya picha tatu au nne. Makala hii inaeleza jinsi ya kuzisoma picha hizo ili kujua kama kitabu kimetoka kwa mchapishaji au kimedurufiwa bila ruhusa. Kuuza nakala kama hizo kunakatazwa nchini Kongo na sheria-amri nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za watunzi. Lakini kwetu wanafunzi wa lugha kuna hasara nyingine, nayo ni kwamba nakala haramu huweza kubadili maneno yenyewe.

Nitatumia mfano mmoja. Nilikuwa nikikusanya vionyeshi vya Kiswahili katika riwaya moja yenye kurasa 208. Maktaba yetu ina nakala iliyonunuliwa kwa mchapishaji. Mwenzangu aliye Masisi alikuwa na nakala ya toleo lilelile, akaanza kunisaidia kuhesabu. Hesabu zetu zilipogongana katika sura ya kwanza, nilimwomba anipigie picha.

Tuanze na karatasi. Uzito wa karatasi hupimwa kwa gramu kwa kila mita mraba. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina gramu 80, na nakala nyingi haramu huchapwa kwenye karatasi nyepesi zaidi ili kupunguza gharama. Picha haiwezi kupima uzito, lakini muuzaji anaweza kukiweka kitabu juu ya mizani ya dukani na kupiga picha. Kurasa 208 ni karatasi 104. Kwa ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, karatasi hizo zina eneo la mita mraba 3.23 hivi. Zikiwa za gramu 80, zitakuwa na gramu 259 hivi. Zikiwa za gramu 60, gramu 194. Jalada huongeza gramu 15 hadi 20. Nakala ya maktaba ilikuwa na gramu 276, ya Masisi gramu 212. Tofauti hiyo haiwezi kuletwa na unyevu wala uchakavu.

Unene wa mgongo, ukipigwa picha pamoja na rula, husaidia pia, ila hudanganya peke yake. Iko karatasi ya riwaya yenye rangi ya maziwa ambayo ni nyepesi lakini imetuna, na hukifanya kitabu kionekane kinene. Tena mchapishaji halali huweza kubadili karatasi anapochapa upya. Kwa sababu hiyo, linganisha nakala za uchapaji mmoja, na uangalie kwanza mwaka wa kuchapwa upya kwenye ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu. Nambari ya ISBN isikutulize, maana anayedurufu huinakili pamoja na mengine yote.

Jalada lipigwe picha karibu na dirisha, likiwa limeinama kidogo, bila taa ya simu. Majalada mengi ya wachapishaji hufunikwa kwa plastiki nyembamba, na mwanga wa dirisha huonekana juu yake kama ubao mmoja ulionyooka, hata juu ya sehemu zenye rangi nzito. Jalada lililochapwa kwa mashine ya ofisini bila plastiki hung'aa kwa mabaka: penye wino mwingi hung'aa, penye weupe hufifia. Angalia pia pale jalada linapokunjwa kwenye mgongo. Wino usio na kinga hupasuka na kuacha mstari mweupe. Hata hivyo, yapo majalada halali yasiyong'aa kabisa, kwa hiyo kukosa mng'ao si ushahidi mpaka uone nakala ya kulinganisha.

Ufungaji hutazamwa kwa picha mbili: mgongo ukiwa juu, na kitabu kikiwa wazi katikati. Pini zilizopigwa ubavuni, au kurasa ambazo maneno yake ya ndani yamezama kwenye gundi, huonyesha kwamba kurasa zilipangwa upya na mtu asiyekuwa na vipimo vya awali. Kivuli cheusi kando ya mkunjo ni dalili kubwa zaidi, kwa sababu kimechapwa. Ni kivuli cha kitabu kingine, kile kilichofunuliwa juu ya kioo cha mashine. Katika nakala ya Masisi kivuli hicho kilikuwepo, na ukurasa wa 37 ulikuwa na mstari wa kalamu chini ya sentensi moja. Mwenzangu alijaribu kuufuta, haukufutika. Msomaji wa zamani, wa kitabu kingine, ndiye aliyeuchora.

Sasa tuje kwenye ukungu wa maandishi. Hapa watu wengi hukosea, kwa kuwa picha yenyewe huweza kuwa na ukungu: mkono ulitikisika, au programu ya kutumia ujumbe iliifinya. Dawa yake ni rahisi. Weka rula juu ya ukurasa, karibu na maneno, kisha omba picha itumwe kama faili. Mistari ya rula ikiwa haionekani vizuri, kosa ni la picha. Mistari ikiwa mikali na herufi zina ukungu, kosa limo ndani ya chapa. Herufi za nakala halali huwa na kingo safi. Za nakala iliyodurufiwa huwa na kingo zenye manyoya, mistari myembamba imekatika, na matundu ya herufi yamejaa wino.

Matundu hayo ndiyo yaliyoharibu hesabu yetu. Tundu la herufi *a* likijaa, herufi hufanana na *o* iliyojaa. Na *e* hufuata njia hiyohiyo. Alama ya *ng'* nayo hupotea. Lakini hasara hizi hazilingani. Ukikuta *ngombe*, utairudisha alama bila kufikiri. *Wake* ikisomeka *wako*, mara nyingi mazungumzo yenyewe yatakusahihisha. *Haya* na *hayo*, *hapa* na *hapo* ni shida nyingine. "Maneno haya" na "maneno hayo" huweza kukaa katika sentensi moja, zote zikiwa sahihi kisarufi, na tofauti kati yake, kama msimulizi anavuta jambo karibu au analirejelea tu, ndiyo niliyokuwa nikiitafiti. Katika sura ya kwanza mwenzangu aliandika *hayo* mara tisa mahali ambapo nakala ya maktaba ina *haya*. Hakusoma vibaya. Alisoma kilichochapwa.

Kwa hiyo tulikubaliana kanuni mbili. Ya kwanza: dalili moja haitoshi kukiita kitabu haramu, tunataka walau tatu zisizotegemeana, kwa mfano uzito, kivuli cha mkunjo na ukungu uliothibitishwa kwa rula. Ya pili: data ya vionyeshi haichukuliwi kutoka nakala yenye herufi zilizojaa, hata kama mwenyewe aliinunua kwa nia njema. Atakayekusanya maandishi ya Kinyanga au Kihunde awe mwangalifu zaidi. Hizo ni lugha za toni, na pale toni inapoandikwa, kialama kidogo juu ya irabu hufutika kabla ya herufi yoyote.

Mwenzangu bado anacho kitabu chake, na anakisoma. Sura zilizobaki nilimpigia picha kutoka maktaba, akahesabu upya.