Dondoo muhimu: Ukinywa omeprazoli kwa miaka

Kolwezi au Musumba, mtu anayekula bukari na sombe lakini nyama na samaki kwa nadra, hupata vitamini B12 kidogo tangu mwanzo. Omeprazoli ikizidi miaka 2 inaweza kumpunguzia zaidi, kwani asidi ya tumbo ndiyo huitoa B12 ndani ya nyama. Miguu ikifa ganzi, omba kipimo cha damu. Kidonge cha B12 husaidia, maana hakihitaji asidi hiyo.

Magnesiamu ni kisa kingine: omeprazoli inaweza kuishusha pia. Ikishuka, misuli hukakamaa na moyo hudunda ovyo. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha: kwa takriban robo ya wagonjwa iliowachunguza, nyongeza pekee haikutosha, ikabidi omeprazoli na dawa za jamii yake zisimamishwe. Uamuzi huo ni wa daktari. Mweleze kama unatumia pia furosemidi au digoksini.